Meseji moja inaingia mara thelathini: maswali yenu

"Asalaam alaykum fundi, mwanangu yuko Mjini mie niko Konde, toka jana usiku naletewa meseji yake ile ile 'kkjh 4 4 mm', ishafika thalathini na moja, nimempigia nikamgombeza anaapa hajatuma. Ananidanganya?"

Waalaykum salaam Bi mkubwa. Hakudanganyi, na huyu kijana muombe radhi mana hapa hana kosa. Maandishi yale hayana maana kwa sababu simu ilikuwa mfukoni haijafungwa, vidole havijagusa, ni paja tu limebonyeza. Hiyo kaituma mara moja bila kujua. Zilobaki thalathini si zake.

Mambo yanakwenda hivi. Meseji haitoki simu hadi simu, inapita kwanza kwenye mtambo wa kampuni, mtambo unaihifadhi alafu ndo unakuletea. Simu yako ikishaipokea inatakiwa irudishe kajibu kadogo kimya kimya, "nimepata", wewe hukaoni. Mtambo ukikapata unaifuta meseji, usipokapata unajua haijafika unaleta tena. Sasa mnara una nguvu nyingi simu ina nguvu ndogo, kwahivyo ukiwa ndani ya nyumba yenye kijimstari kimoja cha mtandao, sauti ya mnara inakufikia vizuri lakini ya simu yako hairudi. Meseji inaingia, kajibu kanapotea njiani, mtambo unaleta tena, na tena.

Mama huyu alikuja na simu yenyewe hapa Chake, tukahakikisha. Bonyeza meseji moja ushikilie, fungua "Details", utaona saa mbili, "Sent" na "Received". Kwake zote thalathini na moja "Sent" ilikuwa 20:14, sekunde ile ile, na "Received" kila moja na saa yake mpaka alfajiri. Saa ya kutumwa ikiwa moja, tatizo liko baina ya mtambo na simu inayopokea. Zingekuwa tofauti ningemuangalia mtoto, mana wakati mwengine simu ya mtumaji ndo haipati kajibu kutoka kwa mtambo ikaanza kurudia yenyewe, na hata hapo usimlaumu, hajui kama inatuma.

Hapa kwangu mtandao umejaa, ikaingia mara moja ya mwisho, ya thalathini na mbili, kisha kimya. Hatujafanya kitu chengine.

"Mimi nikipata hizo meseji nakatwa vocha? Na aliyetuma jee?"

Kupokea meseji ya kawaida hukatwi hata senti. Mtumaji anakatwa pale meseji inapoingia kwenye mtambo, mara moja, mtambo ukirudia kukuletea mara mia hesabu yake haiongezeki. Ila ile hali nyengine nlosema, "Sent" zinatofautiana, hapo kila moja ni meseji mpya na bando lake linaliwa kweli, basi mwambie haraka azime simu aiwashe, na kama kuna meseji inaonesha bado inatumwa aifute.

Pesa inayopotea zaidi ni ya kujibu. Watu wanajibu "acha!" mara kumi, na mtambo hausomi majibu yako.

"Nazifuta zinarudi, nikazima simu kucha, asubuhi nikawasha zikaanza tena!!"

Ukifuta unafuta nakala iliyo kwako, asili iko kwenye mtambo. Na ukizima simu mtambo unaona haupo, unakusubiri, ukiwasha pale pale penye mtandao mbovu mchezo ni ule ule. Usiku zima usikie usingizi sawa, lakini asubuhi toka nayo, nenda barazani, njia kuu, popote mistari imejaa, ndo uwashe. Bado? Chukua laini utie kwenye simu nyengine hapo hapo, hata ya tochi, kajibu kakirudi imekwisha. Na usipofanya chochote pia itakwisha, meseji ina muda wake wa kukaa kwenye mtambo, kwa kawaida siku moja hadi chache. Ikizidi hapo piga 100 wape namba iliyotuma na ile saa ya "Sent", ukiwapa saa wanaipata, ukisema tu "nasumbuliwa" watahangaika.

Kumbloku mtumaji siwashauri, meseji zinaendelea kuja ila zimefichwa, na siku akikutumia la maana hulioni.

"Nimeletewa 'umepokea shilingi 20,000' mara tisa, nina laki na themanini??"

Hapana ndugu yangu. Angalia namba ya muamala kwenye kila meseji, ikiwa moja basi pesa imeingia mara moja tu, zilobaki ni kurudiwa. Usiamini meseji, piga menyu ya kampuni yako uangalie salio. Na mtu akikupigia kabla hujaangalia, akasema "nimekosea nirudishie", usirudishe kitu. Hiyo si meseji kurudia tena, huo ni utapeli, namba yake ipeleke 15040. Ila ya mama wa Konde usiipeleke huko, yule mtoto hajamtapeli mtu.