Pampu ya kisima inapozunguka kinyume: laini mbili za kubadilishana na sababu yake

Mwaka jana niliitwa kwenye jengo moja la ghorofa sita huko Kasarani ambalo hutegemea maji ya kisima chake chenyewe. Msimamizi wa jengo alinipokea langoni akiwa amekwisha kata shauri: "Fundi, kisima kimekauka." Tangi la juu la lita 10,000, ambalo kwa kawaida lilijaa kwa muda wa saa mbili, lilikuwa halijafika nusu baada ya pampu kuunguruma usiku kucha, na mama mwenye jengo alikuwa ameshapewa bei ya kuleta winchi ya kung'oa mabomba yote ili pampu itazamwe.

Kabla ya kugusa chombo chochote nilimuuliza tatizo lilianza lini. Lilianza siku ile ile umeme uliporudi baada ya transfoma ya mtaa kubadilishwa. Akaongeza, kama jambo lisilohusika, kwamba siku hiyo lifti nayo iligoma hadi fundi wake alipokuja jioni. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyonifungua macho. Lifti huwa na rilei inayokagua mfuatano wa fezi, yaani zamu ambazo laini tatu za umeme hupokezana, nayo huikataza isiende mfuatano ukigeuka. Pampu ya kisima hicho haikuwa na mlinzi wa aina hiyo, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi, ila kinyumenyume.

Watu wengi hudhani kwamba pampu ikizunguka kinyume itafyonza maji kutoka kwenye tangi na kuyarudisha kisimani. Sivyo. Pampu nyingi za visima ni za msukumo wa kati: mapanga yake huyarusha maji kuelekea pembeni, na maji hutoka kwenye mdomo ule ule hata mzunguko ukigeuka. Kinachopotea ni nguvu, kwa sababu mapanga yaliyopindwa kwa mwelekeo mmoja hulazimika kuyapiga maji kwa mgongo. Nilifunga vali ya juu ya kisima kwa muda mfupi na kusoma geji ya presha, ikasimama kwenye ba 3. Kipima mfuatano wa fezi, nilichokiunganisha kwenye swichi kuu, kilithibitisha kwamba mfuatano ulikuwa umegeuka kwa jengo zima. Mota iliyozama zaidi ya mita 100 chini ya ardhi haionekani ekseli yake, na ndiyo maana kwa pampu za namna hii naiamini geji kuliko sikio: jaribu mifuatano yote miwili, na ule unaotoa presha kubwa zaidi vali ikiwa imefungwa ndio sahihi.

Sasa, kwa nini kubadilishana laini mbili tu kunatosha kuigeuza mota? Fikiria watu watatu walioketi kuzunguka meza ya duara, na kila mmoja amepewa zamu yake ya kuinua mkono: wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wa kwanza tena. Anayewatazama kutoka juu ataona mkono ulioinuliwa ukizunguka meza, tuseme kuelekea kulia. Ndani ya stata, sehemu ya mota isiyozunguka, koili tatu zimekaa vivyo hivyo, zikiachana kwa nyuzi 120, na umeme wetu wa hezi 50 huzipa zamu: koili moja ikifikia kilele cha sumaku yake, inayofuata hufikia kilele takriban milisekunde 7 baadaye. Hakuna kitu kinachosogea ndani ya stata, lakini kilele cha sumaku huhama kutoka koili hadi koili, na katika mota ya ncha mbili za sumaku kama ile ya kisimani kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota, sehemu inayozunguka, huburutwa nacho, ikichelewa kidogo tu nyuma yake.

Mwambie mtu wa pili na wa tatu wabadilishane viti, kila mmoja akibaki na zamu yake ile ile. Mikono itaendelea kuinuliwa kwa kasi ile ile na kwa nguvu ile ile, lakini sasa itaonekana ikizunguka kuelekea kushoto. Ndivyo inavyokuwa laini mbili zinapobadilishana. Lakini ukiwaambia wote watatu wasogee kiti kimoja upande mmoja, mzunguko unabaki ulivyokuwa, na hapa ndipo wanafunzi wangu hunaswa: mtu anahamisha nyaya zote tatu, anawasha, anakuta mota inakwenda kule kule, kisha analaumu mota. Laini tatu zina mifuatano miwili tu. Badilisha mbili zozote, ya tatu iache.

Ubadilishane wapi? Katika jengo lile mfuatano ulikuwa umegeuka tangu umeme ulipoingia, kwa hiyo nilizima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, nikapima laini kwa laini na laini kwa ardhi hadi nikaridhika kwamba hakuna volti, kisha nikabadilishana nyaya za njano na za bluu upande wa kutokea. Upande wa kuingilia unabaki na volti 415 hata swichi ikiwa imezimwa, na haukuhitaji mkono wangu. Kama mota moja tu ndiyo inayokwenda kinyume, marekebisho yafanywe kwenye laini zinazoingia kwenye kiwashi chake.

Nasisitiza zinazoingia, kwa sababu ya kisa nilichokiona Kariobangi kwenye msumeno wa mbao unaowashwa kwa sta-delta, yaani koili zake huungwa kwanza kwa sta ili mota ianze polepole, kisha kwa delta. Mota ya aina hiyo ina nyaya sita, na fundi aliyenitangulia alikuwa amebadilishana mbili kati yake, V1 na W1, kwenye kisanduku cha mota. Ikiwa kwenye sta, mota iligeuka vizuri kabisa, naye akafurahi. Ilipohamia delta ikavuma kama nyuki na rilei ya kinga ikakata. Ukifuata nyaya kwa kidole utaona sababu: V2, ncha ya pili ya koili inayoanzia V1, kwenye delta hupelekwa laini ya tatu, na sasa V1 nayo ilikuwa kwenye laini ya tatu, kwa hiyo koili hiyo ilikuwa na laini moja kwenye ncha zake zote mbili, bila volti yoyote kati yake, na mota ikabaki kuhangaika na koili mbili. Nilirudisha nyaya mahali pake na kubadilishana laini mbili kabla ya kontakta za kiwashi. Kwenye mota inayoendeshwa na draivu ya kubadili masafa ya umeme, yaani hezi zake, mambo ni tofauti tena: kubadilishana laini za kuingilia hakufanyi lolote, kwa kuwa draivu huugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu kwanza na kuutengeneza upya. Huko hubadilishwa nyaya mbili za kati ya draivu na mota, au mpangilio wa draivu yenyewe.

Kasarani, nilipowasha, geji ilipanda hadi ba 12 vali ikiwa bado imefungwa, na nilipoifungua tangi lilijaa kabla ya saa nane mchana. Winchi haikuja. Dakika chache baada ya kuwasha, hata hivyo, lifti iligoma tena, kama nilivyokuwa nimemtahadharisha mama mwenye jengo, kwa sababu fundi wa lifti naye alikuwa amebadilishana laini mbili kwenye bodi ya lifti, na marekebisho yangu yalikuwa yamemgeuzia mfuatano upya. Alirudi jioni hiyo akarejesha nyaya zake zilivyokuwa, nami nikabandika utepe mwekundu, wa njano na wa bluu kwenye swichi kuu, pamoja na tarehe ya siku hiyo.