Lengo la Hatua Lianze na Wastani Wako

Kwa mtu ambaye kukimbia humwacha hoi jioni nzima, napendekeza kwanza ahesabu hatua zake za kila siku, lakini asianze na lengo la hatua 10,000. Idadi hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani tangu mwaka 1965, nayo haielezi lolote kuhusu mahali unapoanzia wewe.

Katika juma la kwanza usibadilishe mwenendo wako. Tembea na simu mfukoni, kwa maana ikibaki mezani hatua nyingi za ofisini na nyumbani hazihesabiwi, kisha jumlisha hatua za siku 7 na ugawanye kwa 7. Huo ndio msingi wako.

Mfanyakazi mwenzangu mwenye uzito wa kilo 75 alipata wastani wa hatua 4,000, nami nikamshauri aongeze 3,000, ambazo ni kama nusu saa ya mwendo wa kawaida. Hakuzitembea kwa mkupuo mmoja: asubuhi alishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya kazini, mchana alizunguka mtaa baada ya kula, na jioni alipokea simu huku akitembea uani. Kwa kugawanya hivyo hakutoka jasho la kumlazimu kubadili nguo, wala hakufika nyumbani akitamani kulala tu.

Hesabu ya nguvu ambayo hatua hizo humwongezea kutumia ni hii. Mwendo wa kawaida huongeza takriban nusu kilokalori kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, juu ya nguvu ambayo mwili ungetumia hata ukiwa umeketi. Hatua 3,000 ni kama kilomita 2, kwa hiyo nyongeza yake ni kilokalori 75 hivi kwa siku. Ni kiasi kidogo, na nasisitiza jambo hili kwa sababu chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban kilokalori 125; anayejizawadia soda baada ya kutembea amerudisha zaidi ya alichotumia. Faida iko katika kurudia kila siku, jambo ambalo kukimbia hadi kuchoka hulizuia.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kutembea hatua 12,000 Jumamosi, kisha kujilaza Jumapili nzima. Utalitambua kwa kutazama wastani wa juma: siku moja inang'ara, lakini wastani haujasogea sana. Hapo punguza siku kubwa na uinue zile ndogo. Kisigino au goti likianza kuuma, rudi kwenye msingi wako hadi maumivu yaishe, na yakiendelea umwone daktari. Wastani mpya ukidumu majuma mawili au matatu bila uchovu, ongeza hatua 1,000 nyingine.