Picha ya upande mmoja iliniponza

Juzi msomaji alinitumia picha mbili za pikipiki, akaniuliza achukue ipi. Zote zimepigwa upande wa kulia. Nikacheka, kisha nikanuna, maana ndivyo nilivyopigwa mimi.

Muuzaji aliniambia injini ina kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu kwenye kichwa cha silinda, na breki ni za diski mbele na nyuma. Picha ilionyesha ekzosi inang'aa na diski ya mbele. Gurudumu la nyuma lilijificha nyuma ya ekzosi hiyohiyo. Nikalipa. Miezi kadhaa baadaye nikapeleka cheni mpya ya taiming kwa fundi. Akaiangalia injini, akaniangalia mimi: "Kaka, hii haina cheni ya taiming. Ni ya vijiti." Bado naona aibu.

Kamshafti ikiwa juu, kwa kawaida huzungushwa na cheni ya taiming inayopita kwenye njia yake ubavuni mwa silinda. Kwa hiyo injini nyingi ndogo za aina hiyo zina kifuniko cha mviringo ubavuni mwa kichwa cha silinda, mara nyingi kushoto. Ile ya vijiti, kama Honda CG125 na nakala zake, kamshafti yake iko chini na vijiti ndivyo vinavyosukuma valvu, hivyo kifuniko hicho hakipo. Si injini mbaya, ni ngumu kuliko mwenye nayo, ila haipendi kupigwa mizunguko ya juu. Mimi nilitaka ya mwendo. Picha ya kulia haikuweza kunijibu, nami sikuuliza. Ukiona mapezi tele ya kupozea na hakuna rejeta mbele, hapo umejua inapozwa na hewa tu, hujajua kamshafti iko wapi.

Breki je? Usitafute diski peke yake. Tazama hendeli ya kulia: kikopo cha mafuta ya breki maana yake mbele ni diski, hata kama tairi limeizuia, ukiona waya unatoka kwenye hendeli hiyo na kushuka hadi kwenye habu, hiyo ni ngoma. Nyuma, fuata pedeli ya kulia. Yangu ilikuwa na fimbo ndefu yenye nati ya kurekebishia mwishoni, imeshika mkono wa ngoma. Fimbo ilionekana kwenye picha! Nilipoikuza baadaye niliiona waziwazi.

Fremu usiiamini kwa ubavu kabisa. Bomba likipita chini ya injini, ni fremu ya kubeba injini. Likiishia kwenye injini, basi injini yenyewe ni sehemu ya fremu. Lakini kama bomba la mbele ni moja au mawili, ubavuni moja hufunika lingine, kwa hiyo dai picha ya mbele.

Nilimjibu msomaji: omba ya kushoto kwanza, na hakikisha herufi za kwenye tangi hazijageuka. Pedeli ya gia ikitokea kulia, huenda picha imepinduliwa.