PCT imeshuka lakini haijafika 0.25, nasimamisha antibaiotiki?

"Mgonjwa wa nimonia yuko siku ya 5 ya seftriaksoni, homa imeisha, PCT imetoka 6.4 hadi 0.6. Bosi anasema ningoje ifike 0.25. Mnafanyaje?"

Daktari, hiyo 0.25 usiingoje. Mtu akianza juu vile, tunaangalia mteremko, ikishuka asilimia 80 kutoka ile ya juu kabisa inatosha, na wako ameshuka kama 90. Infekshoni ikishikwa prokalsitonini hupungua nusu karibu kila masaa 24, so wako anaenda vizuri tu.

Lakini karatasi ya maabara haisimamishi dawa, nenda kitandani na chati ya masaa 48. Homa isipite 37.8, mapigo yasizidi 100, presha ya juu 90 kwenda mbele, oksijeni 90 bila mtungi, anakula na akili yake iko vile watu wa nyumbani wanaijua. Pumzi hesabu mwenyewe dakika nzima, isipite 24, hiyo 20 ya kila mgonjwa kwa chati tunajua vile huandikwa. Na angalia kama anapewa panadol kila masaa 8, juu hapo homa imefichwa tu.

Halafu mkalishe ugonge mgongo pande zote mbili mpaka chini. Hapa Kisumu tulikuwa na kijana PCT yake ilishuka vizuri ikafika 1.8 ikakwama hapo, jioni homa inarudi, na wengine washaanza kuongea meropenemu. Chini kulia ukigonga palikuwa pazito na pumzi haisikiki, ultrasaundi ikaonyesha usaha. Tukaweka tyubu, namba ikaanza kushuka tena na dawa ile ile. Na usaha uliojifungia mahali pamoja saa zingine hauipandishi sana, kwa hivyo hata namba ikiwa nzuri bado gonga.

Kitu kingine cha huku kwetu ni malaria. Malaria kali peke yake inapandisha PCT, sasa kama wako alipewa atesuneti pamoja na seftriaksoni, huwezi jua ni gani imeishusha. Slaidi ya siku ya kwanza ilisemaje? Figo zikiwa zimelala nazo namba hubaki juu hata mtu akipona, hapo naamini kitanda zaidi. Na kama kalcha ya damu imetoa stafilokokasi orea, ama ni infekshoni ya vali za moyo au mfupa, sahau PCT kabisa, hizo zina wiki zake.

Kama wako amepita hayo yote na ametulia siku mbili, funga seftriaksoni leo, usimpe vidonge vya "kumalizia" na usirudie PCT, ni pesa ya bure. Mwambie homa au pumzi ikisumbua arudi siku hiyo hiyo. Akikohoa hata baada ya hapo na uzito unashuka, tuma makohozi jinekspati, PCT ya chini haiondoi TB.