Mweka hazina, usisimame mbele ya wanachama bila cheti cha zuio

*"Nimechaguliwa juzi mweka hazina wa ushirika wetu wa mazao hapa Mombasa. Jumamosi nawaeleza wanachama kwa nini malipo ya ndizi yamepungua, na nimepanga kuwaambia ni kodi ya serikali tu, imekatwa huko tulikouza. Niiseme vipi wasipandwe na hasira? Na bonasi ya mwisho wa mwaka nayo itakatwa? Halafu risiti za eTIMS za wakulima, nani anazitoa?"*

Usithubutu. Hayo maneno "ni kodi ya serikali tu" niliyasema mimi nikiwa kwenye kiti hicho hicho, na yalitupotezea mnunuzi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao. Sikuyatunga mimi. Nilipewa na mhasibu wa kukodi tuliyekuwa tukimlipa atufungie vitabu. Aliniambia, "Waambie kodi, hakuna mkulima atakayeuliza." Mhasibu huyo hajawahi kukaa kwenye mkutano wa wakulima wa Mwakirunge. Pale hata kuku akipita ukumbini anaulizwa kaidhinishwa na nani.

Kwanza ujue unachokatwa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, taasisi ya umma ikinunua bidhaa kwa muuzaji mkaazi wa Kenya, inazuia nusu asilimia ya thamani ya mauzo na kuipeleka KRA. Ni shilingi 5 kwa kila 1,000. Hospitali ya umma inakata, idara ya kaunti inakata. Yule mama anayekuja na kanta kutoka Kongowea hakati kodi hii, wala hoteli ya mtu binafsi haikati. Zile asilimia 5 zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, za mazao yanayopelekwa ushirika, zilitoka kwenye mkakati wa mapato wa Hazina ya Taifa zikiwa pendekezo. Sizo zilizokatwa kwenye ndizi zako, kwa hiyo usizitaje hata kwa bahati mbaya.

Sasa hesabu yetu. Msimu ule tulipeleka hospitali moja ya umma kilo 20,000 za ndizi mbichi kwa shilingi 40 kilo. Jumla 800,000. Nusu asilimia ya hizo ni shilingi 4,000. Zigawe kwa kilo 20,000, unapata senti 20 kwa kilo. Basi. Hiyo ndiyo kodi yote iliyozuiwa.

Lakini mwanachama hakulipwa 39.80. Alilipwa 34.80. Shilingi 3 zilikuwa kamisheni ya ushirika na shilingi 2 zilikuwa za kanta na wapakiaji, na zote zilikuwa halali, zilipitishwa mkutanoni. Balaa ni namna zilivyoandikwa. Mhasibu wetu alizikusanya zote safu moja kwenye karatasi ya malipo, akaipa jina kwa herufi kubwa: KODI NA MAKATO. Alisema ni kurahisisha. Alirahisisha kweli kweli, maana tulivunjika haraka.

Nikasimama nikasema kodi. Bi mmoja wa makamo, aliyeleta kilo 600, akainuka na karatasi yake mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Mwanangu, mzigo wangu ni shilingi 24,000. Hapa pameandikwa kodi na makato 3,120. Nimepiga hesabu, ni asilimia 13. Nionyeshe sheria ya asilimia 13." Sheria hiyo haipo. Kodi kwenye 3,120 hizo ilikuwa shilingi 120 tu. Na mimi wakati ule sikuweza kumtenganishia, kwa sababu nilichokuwa nacho mkononi ni karatasi ile ile aliyokuwa nayo yeye. Nikamwambia nitafuatilia. Neno "nitafuatilia" likitoka mdomoni kwa mweka hazina, wanachama wanasikia "nimekula".

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kulala. Mabroka walikuwa wakinunua shambani kwa 36, pesa mkononi, bila karatasi. Mtu aliyeamini serikali inamkata asilimia 13 akipitia ushirika, na kwa broka hakatwi kitu, ataleta ndizi kwako kwa sababu gani? Wiki iliyofuata kanta yetu iliondoka nusu tupu. Hospitali ilitaka mzigo kamili kwa siku iliyopangwa, tukapeleka pungufu, tukapeleka pungufu tena, oda ikapewa mwingine. Yote hayo kwa sababu ya senti 20 zilizobeba lawama ya shilingi 5. Kama ningesema tangu mwanzo "kamisheni ni 3, usafiri ni 2, kodi ni senti 20", ugomvi ungekuwa wa kamisheni, na huo tungeumaliza ndani ya nyumba.

Na chini ya hapo kulikuwa na kosa jingine ambalo hata Bi yule hakuliona. Aliliona mkaguzi wa hesabu. Zile shilingi 4,000 si gharama. Zilizuiwa kwenye mauzo yaliyoandikwa kwa jina la ushirika, kwa hiyo ni kodi ambayo ushirika umeshailipa mapema. Kwa mkaazi, zuio hili si kodi ya mwisho. Mwaka ukifungwa na ritani ya mapato ikijazwa, ushirika ukidaiwa tuseme 10,000, unatoa zile 4,000 na kulipa 6,000 tu. Ukiwa haudaiwi kitu, ni malipo ya ziada na una haki ya kuomba urejeshewe. Sisi tulifanyaje? Tulimkata mwanachama senti 20 kila kilo, tukaziandika gharama, halafu mwisho wa mwaka tukatumia cheti kupunguza kodi ya ushirika. Maana yake wanachama waliulipia ushirika kodi yake kutoka mifukoni mwao bila kuambiwa. Hakuna aliyeiba. Lakini nenda kamweleze hivyo mtu aliyeshika karatasi ya asilimia 13.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, na sitaki kuisikia ikijadiliwa: usimkate mwanachama hata senti moja kwa jina la kodi mpaka uwe na cheti cha zuio mkononi, chenye PIN ya ushirika, na kiasi chake kilingane na ulichokata.

Cheti hukiandiki wewe. Mnunuzi akishakata, anatakiwa awe amewasilisha pesa KRA ndani ya siku 5 za kazi, na mfumo wa iTax ndio unaotoa cheti na kukituma kwenye barua pepe iliyosajiliwa na PIN ya muuzaji. Kwa hiyo ukilipwa pungufu na wiki mbili zikapita bila cheti, ama mnunuzi amekata na hajawasilisha, ama cheti kimetoka na kimekwenda kwa mtu mwingine. La pili hutokea kuliko unavyodhani. Soma herufi ya kwanza ya PIN. Ikianza na P ni ya taasisi. Ikianza na A ni ya mtu binafsi. Kwetu, ankara moja ya mwanzo ilitoka kwa PIN ya A, ya ofisa mmoja wa kamati, kwa sababu siku hiyo nywila ya ushirika ilikuwa imesahaulika na mzigo tayari uko njiani. Basi zuio la mzigo ule likahesabiwa KRA kuwa kodi aliyokwisha kuilipa yeye. Ndizi za watu wote, nafuu ya mtu mmoja. Sisemi alikusudia. Nasema alikuwa mtulivu sana tulipokuwa tunakitafuta cheti.

Angalia pia barua pepe yenyewe ni ya nani. Nyingi za vyama zilisajiliwa kwa barua pepe ya katibu wa zamani au ya kijana wa saiba aliyefungua PIN, na vyeti vinamfikia yeye miaka yote.

Jumamosi basi. Andika ubaoni mzigo wa mwanachama mmoja, kwa ruhusa yake, usiandike jumla ya ushirika. Jumla inatisha na haimwambii mtu kitu. Kilo 600 mara 40, ni 24,000. Mstari wa kwanza kamisheni, 1,800. Wa pili usafiri na upakiaji, 1,200. Wa tatu, peke yake na kwa kalamu ya rangi nyingine, kodi ya zuio 120. Anabaki na 20,880. Kisha inua cheti, soma PIN kwa sauti, soma kiasi, mpe aliyekaa mbele akipitishe. Useme wazi kwamba pesa ile iko KRA kwa jina la ushirika, na kwenye vitabu imeandikwa kama pesa ambayo ushirika unaidai, siyo gharama.

Hapo watakuuliza, "Kama ni ya ushirika, mbona mmenikata mimi?" Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba kwa kiasi kama hiki usimkate. Kamisheni yetu kwenye mzigo ule ilikuwa 60,000. Ingeweza kubeba zile 4,000 mpaka ritani ijazwe, na mwanachama akapata 35 kamili. Ikiwa kamati yako inang'ang'ania kumkata kwa sababu pesa taslimu ni finyu, basi iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kwamba zile senti zitamrudia kwenye malipo ya msimu ujao, na karatasi yake ya malipo iseme hivyo.

Jambo jingine: aliyeleta mzigo uliouzwa Kongowea asiguswe. Mauzo yake hayakuzuiwa kitu. Sisi tulitandaza senti 20 kwa kila kilo iliyopita mizani, hata za sokoni, tukakusanya zaidi ya tulichozuiwa, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza ile ziada ilikuwa kodi ya nani.

Ulikuwa umeuliza na mengine, nadhani la bonasi. Nitalirudia nikitulia.

Na ikifika Ijumaa hujakipata cheti, usibuni. Wape mistari miwili ya kwanza, wa tatu uuache wazi ubaoni na uandike pembeni jina la mnunuzi na tarehe aliyolipa. Halafu Jumatatu asubuhi nenda idara yake ya malipo na nakala ya ankara, uulize waliwasilisha lini na kwa PIN ipi. Wakisema barua pepe ilishatumwa, usiondoke mpaka wakusomee ilitumwa wapi.