Makato ya Apu Ujerumani: Vunja Mkataba Kwanza, Benki Baadaye

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma Göttingen ameniandikia: "Kaka, nimerudisha pesa zangu zilizokatwa na apu kupitia benki kama ulivyotuambia kwenye grupu. Sasa kampuni imeniletea barua, wanadai pesa ileile na gharama juu. Nifanyeje?" Nilisema rudisha, ni kweli. Lakini lilikuwa jambo la pili. La kwanza, kuvunja mkataba, naona wengi walilipita bila kulisoma. Basi leo naliandika kirefu, wa kusikia asikie.

Nilifika Leipzig vuli ya 2023. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji, na profesa anaongea kama ana basi la kuwahi. Nikajiunga na apu ya lugha kupitia tovuti yao, kwa sababu huko bei ilikuwa chini kuliko kwenye simu. Kifurushi cha miezi mitatu, euro 35.97, nikajaza IBAN ya akaunti yangu mpya tarehe 4 Oktoba. Nilisoma kwa bidii hadi darasa la chuo lilipoanza, kisha nikaifuta apu kwenye simu. Kwangu mimi biashara ilikuwa imeisha.

Wanafunzi wa miaka ile tunajua maisha ya Sperrkonto, akaunti ya mwanafunzi mgeni inayokutolea kiasi kilekile kila mwezi: euro 934, basi. Ukitoa kodi ya chumba, bima ya afya, simu na chakula, kinachobaki unakihesabu kwa vidole. Julai 2024 nikapata barua kutoka kwa wenye hosteli kwamba kodi yangu imegonga mwamba, akaunti haikuwa na salio la kutosha, na niwalipe pia gharama za usumbufu. Nilihisi uso unawaka moto. Sijawahi kudaiwa kodi maishani, hata nilipokuwa nimepanga Mwenge!

Nikafungua taarifa ya akaunti. Tarehe 4 Julai, siku moja kabla ya kodi, kampuni nisiyoijua ilikuwa imekata 35.97. Jina halikufanana hata kidogo na la apu. Lilikuwa la wale wanaowakusanyia malipo. Nikatafuta kwenye barua pepe "35.97", hakuna kitu. Nikakumbuka Wajerumani huandika kwa mkato, nikaweka "35,97". Zikajipanga risiti nne: Oktoba, Januari, Aprili, Julai. Ya Oktoba niliitumia. Tatu zilizofuata sikuwa nimefungua hata somo moja.

Kwenye orodha ya usajili ya Google Play hapakuwa na kitu, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wako salama. Ile orodha inaonyesha tu ulichonunua kupitia Google. Ukijiunga kwa tovuti na IBAN, mkataba uko kwa kampuni yenyewe, na kufuta apu hakuugusi.

Apu ya benki ina kitufe cha kurudisha makato, "Lastschrift zurückgeben". Kidole kilikuwa tayari juu yake. Aliyenizuia ni ndugu mmoja wa Lubumbashi tuliyekuwa tukipika naye jiko moja. "Ndugu, acha kwanza," akasema. "Ukirudisha leo, kwao wewe ni mteja asiyelipa. Watakutumia Mahnung, barua ya kukudai." Alikuwa sahihi. Benki inarudisha makato ya namna hii ndani ya wiki 8 bila kukuuliza sababu, lakini benki haijui mkataba wako unasemaje. Pesa inarudi, deni linabaki palepale, na kampuni inakuongezea gharama ya makato yaliyorudi.

Kwa hiyo tulianza na mkataba. Tangu 1 Julai 2022 sheria ya Ujerumani inaitaka tovuti inayouza usajili wa namna hii iwe na kitufe cha kuvunjia mkataba, kimeandikwa "Verträge hier kündigen" au maneno yenye maana hiyo. Usikitafute kwenye wasifu wako, utachoka. Kwao kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, maandishi ya kijivu, karibu na masharti. Unajaza jina, barua pepe na mkataba unaouvunja, kisha unabonyeza "jetzt kündigen". Wanatakiwa kukutumia uthibitisho papo hapo wenye tarehe na saa. Kama kitufe hakipo, sheria inakuruhusu kuvunja wakati wowote bila notisi. Piga picha ya ukurasa uwe na ushahidi.

Uthibitisho ulikuja tarehe 15 Julai, ukisema usajili utaisha 4 Oktoba. Hapo ndipo wanapowakamata watu. Kwa mikataba iliyofungwa tangu 1 Machi 2022, kipindi cha kwanza kikiisha hawawezi kukufunga kwa kipindi kingine kizima. Mkataba unaendelea bila ukomo, nawe unaondoka wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Mwezi wangu uliisha 15 Agosti. Kutoka hapo hadi 4 Oktoba ni siku 50 kati ya 92 nilizokatiwa, yaani euro 19.55 zilikuwa zangu.

Nikawaandikia hesabu hiyo, nikataja kifungu § 309 Nr. 9 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, nikawapa siku 14. Nikawaeleza pia kwamba wiki 8 za benki zinaisha mwishoni mwa Agosti, na wasiponirudishia nitarudisha makato mwenyewe na kuwatumia 16.42 ninazodaiwa. (Benki hairudishi nusu, inarudisha makato yote, ndiyo maana sehemu unayodaiwa lazima uilipe mwenyewe.) Jibu lilikuja na maneno ya hisani mengi na hawakukiri chochote, ila walirudisha 35.97 yote. Nadhani kukokotoa senti kuliwachosha.

Za Januari na Aprili, jumla 71.94, zilikwenda. Wiki 8 zilikuwa zimepita, na mkataba ulikuwa hai. Wapo watakaokwambia una miezi 13 ya kurudisha. Hiyo ni kwa makato ambayo hukuyaruhusu kabisa. Mimi niliijaza IBAN kwa mkono wangu. Kudai vinginevyo ni uongo, na uongo kwa benki ukiwa na viza ya mwanafunzi ni ujinga. Samahani, lakini lazima mtu awaambie.

Sasa wewe wa Göttingen. Vunja mkataba leo, kabla hujajibu barua, maana kila kipindi kinachopita kinaongeza deni ambalo ni halali. Halafu fanya hesabu kama nilivyofanya, lipa sehemu unayodaiwa kweli ukiandika namba ya mteja, na iliyobaki ipinge kwa maandishi. Usipige simu, simu haiachi ushahidi. Deni lililopingwa hawaruhusiwi kulipeleka SCHUFA, wale wanaotunza rekodi za wadaiwa, kwa hiyo kama barua yako inakutisha kwa jina hilo, pumua. Ukishindwa lugha, nenda Verbraucherzentrale, kituo cha kutetea wateja. Wanatoza kiasi kwa ushauri lakini wanazijua kampuni hizi.

Barua moja tu usiithubutu kuiacha mezani: ile ya mahakama, Mahnbescheid, inayokuja kwenye bahasha ya manjano. Hiyo ina fomu ya pingamizi ndani, na una wiki mbili tangu siku ilipokufikia. Tarehe imeandikwa na postamani juu ya bahasha, kwa hiyo bahasha usiitupe.