Baada ya kubadilishwa nyonga au goti: dawa ya kuzuia damu kuganda ni ipi, na kwa siku ngapi?

Mtu aliyewekewa nyonga au goti bandia huwa na wasiwasi na kidonda tu. Mimi ni mfamasia wa wodi ya mifupa, na ninachokihofia zaidi hakionekani kwa macho: damu kuganda ndani ya vena za mguu, kisha bonge likachomoka na kupanda hadi mapafuni. Mara nyingi hilo hutokea mgonjwa akiwa ameshatoka wodini. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa waliobadilishwa goti, nusu ya matukio yaligunduliwa ndani ya siku 7 hivi. Kwa nyonga ilichukua siku 17. Ndiyo maana mwenye goti huandikiwa dawa ya wiki mbili, na mwenye nyonga ya wiki tano hivi. Usilinganishe dawa zako na za jirani wa kitandani kabla hujajua yeye kafanyiwa nini.

Zinazoandikwa sana ni tatu. Kuna enoksaparini, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo, miligramu 40 mara moja kwa siku. Kuna rivaroksabani, kidonge cha miligramu 10 kwa siku, ambacho huanza saa 6 hadi 10 baada ya upasuaji kama kidonda kimeacha kuvuja damu. Na kuna aspirini ya dozi ndogo, ile ile ya wagonjwa wa moyo. Apiksabani nayo ipo, miligramu 2.5 asubuhi na jioni, ila kwa haya ninayoyaeleza nitaiweka kundi moja na rivaroksabani.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: kama aspirini inauzwa bei ya chini hivyo, kwa nini nichomwe sindano? Jibu linategemea aspirini inaanza lini. Katika utafiti wa EPCAT II wa mwaka 2018, wagonjwa wote walimeza rivaroksabani siku 5 za kwanza, ndipo nusu yao wakahamishiwa aspirini. Waliopata damu kuganda walikuwa asilimia 0.64 upande wa aspirini na asilimia 0.70 kwa walioendelea na rivaroksabani, yaani hakuna tofauti ya maana. Lakini katika CRISTAL, utafiti wa Australia wa mwaka 2022, aspirini ilitumika peke yake tangu mwanzo. Hapo waliopata dalili za damu kuganda ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 3.45, wakati wa enoksaparini walikuwa asilimia 1.82. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mabonge ya chini ya goti, ambayo hatari yake ni ndogo kidogo, lakini ni tofauti hata hivyo. Msimamo wangu ni kwamba aspirini ni dawa nzuri ya kumalizia. Kuanza nayo namwachia mwenye goti ambaye hajawahi kuganda damu, hana saratani na anatembea mapema.

Wengi huchagua aspirini wakidhani haitoi damu. Katika CRISTAL, waliotokwa damu nyingi walikuwa asilimia 0.31 kwa aspirini na 0.40 kwa enoksaparini. Zimekaribiana mno kiasi kwamba sioni sababu ya kuchagua dawa kwa kigezo hicho pekee. Katika kazi yangu, damu nyingi huja kwa sababu nyingine mbili: figo ambazo hazikupigiwa hesabu, na dawa ya maumivu iliyonunuliwa dukani.

Chukua bibi mmoja wa miaka 71, kilo 52, aliyebadilishwa nyonga ya kulia tarehe 3 Machi. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa mikromoli 150 kwa lita. Ukiitazama karatasi ya maabara haraka haraka unasema imepanda kidogo, basi. Piga hesabu sasa: 140 toa umri ni 69, zidisha kwa kilo 52, kisha kwa 1.04 kwa kuwa ni mwanamke. Gawanya kwa 150. Unapata 25 hivi, yaani figo zinasafisha mililita 25 kwa dakika. Enoksaparini hutolewa na figo, kwa hiyo chini ya 30 dawa inarundikana mwilini na dozi inashuka hadi miligramu 20. Bomba la miligramu 40 halina mistari ya kupimia, kwa hiyo usikubali mtu akuambie "choma nusu". Tulimtafutia mabomba ya miligramu 20 yenyewe.

Mpango wake ulifuata njia inayotumika sana Uingereza: sindano siku 10, halafu aspirini ya miligramu 75 siku 28. Kwenye boksi la sindano niliandika kwa kalamu nene "4 Machi hadi 13 Machi", na kwenye aspirini "14 Machi hadi 10 Aprili". Ukiandika "wiki tano" tu, kila mtu nyumbani ataanza kuhesabu siku yake.

Siku ya sita binti yake akanipigia. "Dada, mama ana madoa ya bluu tumboni. Tuache hizi sindano?" Nikamuuliza madoa yana ukubwa gani, na bandeji ikoje. Madoa yalikuwa kama sarafu, na bandeji kavu. Hayo ni ya kawaida. Mchome sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni, ukiwa umeikunja ngozi kwa vidole, ubadilishe upande kila siku na usisugue baada ya kuchoma. Na kale kapovu ka hewa ndani ya bomba kaache, usikasukume nje.

Ila nikauliza pia anameza nini kwa maumivu. Diklofenaki, tangu juzi, imenunuliwa dukani. Hiyo nikamwambia aiache siku hiyo hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni hukwaruza tumbo na kudhoofisha uwezo wa damu kuganda, na kwa figo za 25 zinazidi kuziumiza, kisha enoksaparini nayo inarundikana zaidi. Tukarudi kwenye parasetamoli, gramu 1 mara tatu kwa siku, na daktari akapanga cha kuongeza.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona bandeji inaloa damu tena baada ya kukauka, paja au goti linavimba ghafla na kukaza, choo kimekuwa cheusi kama lami, au mgonjwa anaona kizunguzungu akisimama. Usiache dawa kimyakimya ukasubiri kliniki.

Wenye TB wanaomeza rifampisini wamwambie daktari kabla ya kuandikiwa rivaroksabani au apiksabani, kwa sababu rifampisini huishusha dawa kwenye damu na kinga inapungua. Baadhi ya dawa za VVU, zile zenye ritonaviri au kobisistati, hufanya kinyume: huipandisha, na hatari ya kutokwa damu ikapanda nayo. Kwa watu hawa mimi huanza kwa kufikiria sindano.

Kuhusu bonge lenyewe, mguu uliofanyiwa upasuaji utavimba tu, hilo lisikutishe. Kinachonishtua ni uvimbe usiopungua hata ukilala usiku kucha na mguu umeinuliwa, huku ukisikia maumivu kwenye shavu la mguu. Hapo nenda ukapigwe ultrasaundi ya vena. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, nenda dharura sasa hivi. Usijiongezee dozi nyumbani, kwa sababu dozi ya kutibu bonge ni kubwa kuliko ya kulizuia, na kwa mtu mwenye kidonda kipya inapangwa na daktari aliyekupima.